Jumapili ni Siku Yako

Karatasi yenyewe ni robo ya ukurasa wa daftari. Nimeikata kwa rula ili kingo zake zinyooke, maana mtoto wa darasa la kwanza huangalia kingo kabla ya kuangalia maneno. Ina sentensi nane na sahihi yangu. Niliiandika mara nne, na hiyo ya nne ilinimalizia jioni nzima ya Alhamisi, taa ya sola ikififia na madaftari ya hesabu yakiningoja pembeni ya meza.

Niliyemwandikia nitamwita binti tu. Anasoma shule ya kijijini hapa wilayani Nachingwea, na tangu Januari mpaka Novemba ya 2025 nilikuwa nimeisikia sauti yake ikiwa peke yake mara tatu. Nasema ikiwa peke yake kwa sababu darasa likisimama kunisalimu na "shikamoo mwalimu" ikapanda mpaka kwenye bati, naona midomo yake inakwenda sawa na ya wenzake. Nikiita mahudhurio hunyosha mkono. Nikimuuliza swali husimama kwa adabu, hutazama vidole vya miguu yake, na husimama hivyo hivyo mpaka nimwambie akae. Mara ya kwanza niliisikia alipoomba ruhusa ya kwenda chooni. Mara ya pili alimwambia mwenzake kwamba amekalia daftari lake. Mara ya tatu alikuwa nje, chini ya mwembe, anacheka na mdogo wake wa chekechea, na aliponiona akafunga mdomo kama mtu aliyefumwa.

Nilitaka kumwandikia barua ya siku yake ya kuzaliwa. Kabla sijaeleza nilivyoiandika, sina budi nieleze nilichowahi kumfanyia mtoto mwingine, kwa kuwa barua hii ilianzia huko.

Mwaka 2019, mwaka ambao Namungo ilipanda Ligi Kuu na Ruangwa nzima ikawa inazungumza mpira, nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya wilaya hiyo. Nilikuwa na kijana mkimya sana darasani. Lakini wakati wa mapumziko, wenzake wakicheza mpira wa matambara, yeye alikuwa akikaa kwenye tofali na kutangaza mchezo kama mtangazaji wa redio, kwa pumzi moja, majina yote, pasi zote. Nikasema huyu hana tatizo, anahitaji kusukumwa kidogo. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa kwenye rejesta. Asubuhi, mstarini, nikamtoa mbele, nikamsimamisha karibu na mlingoti wa bendera, nikawaambia watoto wote wa shule wamwimbie. Wakaimba kwa nguvu zao zote. Mapumziko yalipofika wakubwa wakamkimbiza na ndoo, wakammwagia maji, kama wanavyomfanyia kila mwenye bethdei siku hizi, na kwa watoto wengi hiyo ni furaha tupu. Yeye alisimama akilowa mpaka walipochoka. Hakuja shule siku tatu. Aliporudi alikaa dawati la nyuma, na lile tofali la kutangazia mpira likabaki tupu mpaka nilipohamishwa.

Nilikuwa nimempa zawadi ambayo mimi ningeipenda. Nimeifikiria ile asubuhi miaka sita, na jambo moja nimelielewa: kijana yule hakuwa amekosa sauti, alikuwa anachagua pa kuitumia, na mimi nilimnyang'anya uchaguzi mbele ya watu mia kadhaa.

Kwa hiyo safari hii niliamua iwe karatasi. Karatasi haimtazami mtoto usoni. Inaweza kufunguliwa pale anapotaka, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Na ukubwa wake ni ule wa kuingia kiganjani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa tarehe. Kwenye rejesta binti huyu alizaliwa tarehe 1 Januari 2018, na mwalimu yeyote wa vijijini anajua maana yake. Mzazi akifika kuandikisha bila cheti na bila kadi ya kliniki, na hakumbuki siku, anayejaza fomu huandika mwaka unaokaribia na siku ya kwanza ya mwaka huo, basi. Ukisoma rejesta zetu utadhani watoto huku huzaliwa kwa mkupuo usiku wa mwaka mpya. Kumpa mtoto heri kwa tarehe ambayo kila mtu nyumbani kwake anajua si yake ni kumwambia kuwa hujui habari zake.

Nikaenda kwa bibi yake, anayemlea. Nilimkuta anachambua korosho kwenye mkeka, zilizokauka upande huu, mbovu upande ule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Amefanya nini tena?"

Hilo "tena" linatueleza walimu tunavyokwenda majumbani. Nikamwambia hajafanya kosa lolote, nataka tu kujua alizaliwa lini. Akasema kadi ililiwa na mchwa, na mtoto alizaliwa shambani kwa mkunga, kwa hiyo hata tangazo la kizazi hawakupewa. Kisha akanitazama kama ninayeuliza jambo dogo. "Huyu? Huyu kazaliwa mwaka wa korosho za wanajeshi."

Watu wa huku hawahitaji maelezo zaidi ya hapo. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za mnada, korosho zikakaa ghalani, na tarehe 12 Novemba serikali ikatangaza kwamba itazinunua zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bibi alikumbuka malori ya kijani yakipita njia kuu siku ile ile mama wa mtoto alipokuwa na uchungu, na vumbi lilivyoingia mpaka kwenye maji ya kuogeshea. Siku gani? Ijumaa, kwa sababu babu alikuwa ameondoka kwenda kuswali na akakuta mtoto ameshazaliwa. Ijumaa ipi? Hapo alinyamaza, akatupa korosho mbovu mbili tatu, halafu akasema walikuwa na pilau lililobaki la Maulidi, iliyosomwa katikati ya wiki ile. Nikatoa simu nikafungua kalenda. Tangazo la serikali lilikuwa Jumatatu. Maulidi ya mwaka ule iliangukia Jumanne, tarehe 20 Novemba. Ijumaa inayofuata ni tarehe 23.

Ndivyo nilivyopata 23 Novemba 2018 kutoka kwenye gunia la korosho na sufuria la pilau. Si ushahidi wa kupeleka RITA, na rejesta sikuigusa, kwa kuwa tarehe ya kiserikali ina njia yake ya kubadilishwa na njia hiyo si kalamu ya mwalimu wa darasa. Bibi nilimweleza namna ya kufuatilia cheti. Lakini kwa barua ya mtoto ilitosha kabisa. Na niseme kwamba hesabu ya namna hii si ya kuidharau. Mwalimu Nyerere, inavyosimuliwa, alizaliwa Butiama siku ya mvua kubwa, akapewa jina la Kambarage, jina la mzimu wa mvua; tarehe 13 Aprili 1922 tunaiadhimisha, lakini jina lake lenyewe lilibeba hali ya hewa ya siku hiyo. Bibi huyu naye anasema alizaliwa wakati reli inang'olewa, ile reli iliyojengwa kutoka Mtwara mpaka Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, karanga zikashindwa kufikia 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyuma vikaondolewa. Yeye na mjukuu wake wamezaliwa kila mmoja katika mwaka ambao kitu kikubwa kilikuwa kinasombwa kupita kijijini.

Nilimwomba pia ruhusa. Kuna nyumba ambazo siku ya kuzaliwa haiadhimishwi, na kuna nyumba zinazoona keki na mishumaa si mambo yetu, na mwalimu hana haki ya kumwingiza mtoto katikati ya ubishi huo. Bibi alicheka. "Andika tu, mwalimu. Ila usimwimbishe." Sikuwa nimemsimulia habari za Ruangwa.

Nilipokuwa narudi niliwaza neno ambalo bibi alikuwa amelitumia kumsifu mjukuu wake: mtoto mwenye haya. Kwetu haya ni pambo. Ukitaka kumtukana mtu mzima unamwambia hana haya, na hapo umemaliza kila kitu. Mtoto anayeinamisha macho kwa mkubwa, asiyeingilia mazungumzo, anayepokea kwa mikono miwili, nyumbani anasifiwa na majirani. Kisha tunamleta shuleni na jambo lile lile tunaliandika kwenye ripoti kwa wino mwekundu: ajitahidi kujiamini, ajitokeze zaidi. Mtoto wa miaka sita anasifiwa na kulaumiwa kwa kitu kimoja, na umbali kati ya sifa na lawama ni nusu saa ya kutembea. Ndiyo maana niliamua barua yangu isiwe na neno aibu, wala haya, wala ukimya, wala jiamini. Ukimwambia mtoto "usiwe na aibu" kitu anachobaki nacho ni habari kwamba watu wameiona aibu yake.

Lakini mwalimu hawezi kukaa chini aandike barua kabla hajajua ukimya alio nao mbele yake ni wa aina gani, kwa sababu si kila mtoto mkimya ana haya. Nilianza na masikio. Watoto wengi huku hutokwa usaha masikioni na hawasemi. Mtoto asiyesikia vizuri hujifunza kukaa kimya ili asikosee. Wakati wanachora, nilisimama nyuma yake hatua tano na kutaja jina lake kwa sauti ya chini, mara moja upande wa kulia, siku nyingine upande wa kushoto. Mara zote aligeuka. Kisha nikaangalia lugha. Wapo watoto wanaoanza shule na Kimwera au Kimakua kikiwa chepesi zaidi mdomoni kuliko Kiswahili, na hao ukimya wao hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Huyu alimwambia mwenzake "umekalia daftari langu" kwa Kiswahili kilichonyooka. Kilichobaki ndicho kizito. Mtoto aliyekuwa akizungumza kisha akanyamaza ghafla, anayeshtuka ukinyanyua mkono, anayesinzia, asiyetaka kwenda nyumbani kengele ikilia, huyo haandikiwi barua ya heri. Huyo mwalimu humpeleka kwa mwalimu wa malezi na ofisa ustawi wa jamii, au hupiga 116, simu ya kumsaidia mtoto. Binti wangu alikuwa mkimya tangu siku ya kwanza, alicheka na mdogo wake, alikula uji wake akaumaliza, na kengele ikilia alikimbia nyumbani kama wenzake. Alikuwa na haya tu, haya ya kawaida, tele.

Baada ya hapo nilikuwa natafuta jambo moja la kumwambia. Liwe amelifanya kweli, liwe dogo, na liwe limefanyika bila kutumia sauti.

Lilikuja lenyewe siku ya Jumatatu, kwenye kipindi cha kuhesabu. Tunatumia vizibo vya soda. Kila mtoto ana vyake kwenye kopo. Ubaoni kulikuwa na nane kujumlisha tano. Jirani yake wa dawati alipanga vizibo nane, akapanga vitano, akaanza kuhesabu kimoja kimoja kwa kidole, akapoteza hesabu katikati, akaandika 12. Akafuta. Akahesabu tena, akaandika 12 tena. Binti alikuwa ameshamaliza. Alitazama daftari la mwenzake, akanyoosha mkono polepole, akachukua vizibo viwili kutoka kwenye vile vitano na kuvisogeza kwenye vile nane. Basi. Hakusema neno. Juu ya dawati palikuwa na vizibo kumi upande huu na vitatu upande ule. Mwenzake alivitazama kwa muda, halafu uso ukamfunguka, akaandika 13.

Hicho alichofanya ndicho ambacho mimi huchukua wiki mbili kukifundisha: kujaza kumi kwanza, kisha kutazama kilichobaki. Hakunakili mahali, nilikuwa sijafika huko. Na alichagua njia ya kumsaidia mwenzake ambayo haikumwaibisha, maana kama angesema "umekosea" darasa zima lingegeuka.

Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Wewe ni mwanafunzi mwenye akili sana kuliko wote." Niliiandika kwa upendo na niliichana kwa sababu nilikumbuka jaribio moja nililosimuliwa kwenye semina ya walimu, nikalitafuta baadaye nikalisoma vizuri. Mtafiti wa Uholanzi, Eddie Brummelman, na wenzake walilichapisha mwaka 2014. Watoto 240 wa miaka 8 hadi 12 waliombwa kunakili picha ya Van Gogh ya waridi mwitu. Wakaambiwa kwamba mchoraji mtaalamu ataitazama michoro yao, na baadaye wakapewa kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono. Baadhi ya vikaratasi vilisema umechora picha nzuri. Vingine viliongeza chumvi: umechora picha nzuri ajabu. Vingine havikuwa na sifa. Kisha kila mtoto akaachiwa achague picha nyingine za kunakili, rahisi au ngumu. Watoto waliojiona duni, wakisifiwa kwa chumvi, waliziepuka zile ngumu. Wenye kujiona vizuri chumvi haikuwadhuru, iliwasogeza mbele.

Nimewaza sana juu ya kile kikaratasi. Tofauti ilikuwa neno moja tu. Na anayedhurika ni yule yule ambaye mkono wetu huwa mwepesi kumwongezea neno hilo, kwa sababu tunamhurumia. Mtoto mwenye mashaka akiambiwa ni wa ajabu, anajua kesho atatakiwa awe wa ajabu tena, na namna ya salama ya kutoangusha watu ni kutojaribu. Binti wangu bado hajafika umri wa watoto wale, na Nachingwea si Uholanzi, lakini nilipoisoma rasimu yangu tena nilisikia ule mzigo. Kuliko wote? Wote themanini na kitu?

Rasimu ya pili ilikuwa na ushauri. Mwalimu akishika kalamu ushauri hutoka wenyewe: endelea hivyo hivyo, mwakani unyoshe kidole, wasaidie na wengine. Kila sentensi ya namna hiyo ilikuwa deni. Mtoto angepokea heri ya siku ya kuzaliwa na orodha ya kazi. Nikazifuta zote, na nilipomaliza kuzifuta nikaona kilichobaki ni mistari miwili, ile inayosema nilichokiona. Nikaona hiyo ndiyo barua.

Ya tatu ilikuwa nzuri kwangu, lakini yeye asingeweza kuisoma. Hapa mwalimu wa darasa la kwanza ataelewa haraka. Kiswahili kina huruma kwa msomaji mchanga: silabi zake nyingi ni konsonanti moja na irabu moja, na mtoto akishazishika ba be bi bo bu na ndugu zake anaweza kusoma neno refu bila kulijua. Ku-za-li-wa. Ju-ma-pi-li. Anachokwama nacho ni silabi zenye konsonanti mbili tatu, mwa na nya na ndi na mbwa na ng'o, ambazo darasani huja baadaye. Sasa tazama maneno tunayoyapenda kwenye barua za heri. Hongera ina nge. Mwanangu inaanza na mwa na kumalizika na ngu. Mpendwa ni mlima mtupu. Nilikuwa nimeandika barua ambayo binti angelazimika kumpa mtu amsomee, na barua ikisomwa na mtu mwingine, kwa sauti ya mtu mwingine, inakuwa tena jambo la mstarini.

Kwa hiyo Alhamisi nilikaa na kuichambua silabi kwa silabi, kama bibi na korosho zake. Mwenzako nikaitoa, nikaweka rafiki yako. Ulipanga nikaitoa, nikaweka uliweka. Asante iliniuma kuitoa. Niliandika kwa herufi za chapa, kubwa kidogo, mstari mmoja kwa kila sentensi, nikiacha nafasi pana kati ya neno na neno ili kidole chake kipite. Juu niliandika jina lake, halafu:

Jumapili ni siku yako ya kuzaliwa.
Utafika miaka saba.
Jumatatu nilikuona.
Uliweka vizibo kumi hapa, vitatu pale.
Rafiki yako aliona, akapata jibu.
Nilifurahi.
Barua hii ni yako.
Si lazima ujibu.
Mwalimu wako.

Neno gumu limebaki moja, mwalimu, na hilo analiona kila siku juu ya mlango wa ofisi.

Sentensi ya nane ndiyo niliyohangaika nayo zaidi, kwa sababu inaonekana kama si ya heri. Lakini mtoto wa namna hii akipewa kitu, furaha yake huchanganyika mara moja na wasiwasi wa shukrani: nitasema nini, nitasimama wapi, atanitazama? Nilitaka kumwondolea kazi hiyo kabla haijamfikia. Na "nilikuona" ilikuwa na hatari yake pia. Mtoto mwenye haya hapendi kuonwa. Niliiacha kwa kuwa mstari unaofuata unamweleza nilichokiona, na nilichokiona ni mikono yake ikifanya kazi vizuri. Hakuna anachopaswa kukificha hapo.

Tarehe 23 iliangukia Jumapili, na hilo lilinifaa. Ijumaa, wakati wa kurudisha madaftari ya hesabu, niliikunja mara mbili na kuiweka ndani ya daftari lake, kati ya jalada na ukurasa wa kwanza, ncha ikichungulia kidogo. Nikamkabidhi kama nilivyowakabidhi wengine, bila kumkonyeza, bila kusema lolote, nikaendelea na la anayefuata. Aliiona ile ncha. Aliisukuma ndani kwa kidole gumba, akaweka daftari kwenye mfuko wa plastiki wa vitabu, akakaa amekumbatia mfuko mpaka kengele.

Jumatatu hakuleta jibu, na mimi sikumtazama zaidi ya kawaida. Hakuanza kunyosha kidole. Wiki ile nilimuuliza swali mara moja, akasimama, akatazama vidole vya miguu, nikamwambia akae. Jumatano nilikutana na bibi yake njiani ana mzigo wa kuni kichwani, akazitua ili tusalimiane vizuri. Aliniambia kwamba Jumapili asubuhi mjukuu alikaa naye jikoni akamsomea ile karatasi. Alisoma kwa sauti, akifuata na kidole. Bibi, ambaye hakusoma, alimwomba arudie hapo penye vizibo kwa sababu hakuelewa, na mtoto akaenda kuleta vizibo vyake akamwonyesha, nane hapa, vitano pale, viwili vinahama.

"Mbona ananieleza kama wewe," bibi akasema, na akajitwika kuni zake.

Huku kwetu kila zoezi huanza na tarehe. Naiandika ubaoni upande wa kulia, na watoto huinakili juu ya ukurasa kabla ya kitu kingine chochote. Nilipokusanya madaftari ya Jumatatu ile, tarehe 24, nilikuta binti ameandika 23/11/2025. Nikadhani amenakili vibaya. Jumanne ameandika 23/11/2025, na nambari safari hii zimekolezwa. Jumatano vile vile. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Nikasahihisha hesabu zake moja baada ya nyingine, zote zilikuwa sawa, nikaweka vema chini, na juu sikuandika kitu. Mpaka shule inafungwa Desemba, katika daftari lile ilikuwa bado tarehe 23.